"There is many people": kosa linaanzia kwenye "kuna"

*"Shikamoo mwalimu. Nipo mapokezi kwenye gesti hapa Moshi na kila jioni nawaandikia wageni ujumbe kwa Kiingereza. Bosi wangu hunisahihisha kila nikiandika "There is many people", anasema ni "There are". Lakini juzi yeye mwenyewe kabandika mlangoni "There is a bed and two chairs in this room", na wageni wenyewe nawasikia wakisema "There's two buses outside". Sasa nishike lipi? Ujumbe wangu wa jana ulikuwa huu: "Good evening. There is many people at breakfast tomorrow, please come early. There is two bathroom on your floor. In the room there is towels, soap and a kettle. There is hot waters from 5. There is two drivers are waiting at the gate.""*

Marahaba, dada. Bosi wako yuko sahihi kwenye "many people", na lile tangazo lake la mlangoni nalo halina kosa. Wageni uliowasikia walikuwa wanazungumza, na mazungumzo yana uhuru ambao maandishi hayana. Nitayaeleza yote matatu, lakini lazima tuanzie kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo "There is many people" inapozaliwa.

Sisi tunasema "kuna mtu" na "kuna watu". Neno "kuna" halitikisiki. Awe mtu mmoja au wawe mia, ni "kuna" tu, kwa sababu ile "ku" ya mwanzo inapatana na mahali, si na watu. Ndiyo maana tuna "pana" na "mna" pia, kutegemea mahali penyewe. Mswahili akijifunza kwamba "kuna" kwa Kiingereza ni "there is", anaichukua kama kipande kimoja kisichobadilika na kukibandika mbele ya kila kitu. Kwa hiyo kosa lako halitokani na kutojua kwamba watu ni wengi. Umetumia sheria ya Kiswahili, tena kwa usahihi kabisa, kwenye lugha isiyokuwa na sheria hiyo.

Kwenye Kiingereza, "there" ya namna hii haina mahali ndani yake. Tazama sentensi hii: "There are many people there." "There" ya mwisho ndiyo "pale". Ya kwanza haina maana ya mahali, kazi yake ni kujaza nafasi ya mbele tu ili kitenzi kisikae peke yake. Kwa kuwa haina uzito, kitenzi hakiwezi kupatana nayo. Kinatazama mbele, kulia kwake, kutafuta kile kinachosemwa kwamba kipo. Kikikuta "people" kinakuwa "are". Kikikuta "a driver" kinakuwa "is".

Upatanisho wa aina hiyo unao tayari kichwani, dada, ila hauko ndani ya "kuna". Uko ndani ya "-po". Chukua "kuna kiti", ukigeuze: "kiti kipo". Chukua "kuna viti": "viti vipo". "Kuna dereva" inakuwa "dereva yupo", na "kuna madereva" inakuwa "madereva wapo". Hapo Kiswahili chenyewe kinakulazimisha useme kama ni umoja au wingi. Kwa hiyo kabla hujaandika "there", igeuze sentensi yako kimoyomoyo. Ikitoka yupo, kipo, upo, lipo au ipo, andika "there is". Ikitoka wapo, vipo, ipo ya miti, yapo au zipo, andika "there are". "Watu wengi wapo", basi "There are many people".

Jaribio hili linasaidia zaidi pale nomino yetu isipoonyesha wingi. "Kuna taulo bafuni" inaweza kuwa taulo moja au taulo nne, nasi hatujali, mgeni ataona mwenyewe akifika. Meza, feni, simu na nyumba ni hivyo hivyo. Kiingereza hakikubali kuacha jambo hilo wazi. Ukigeuza, inabidi uchague: "taulo ipo" au "taulo zipo". Ukishachagua, uamuzi wako unaonekana sehemu mbili za sentensi. Umoja unataka "is" pamoja na "a" au "one": "There is a towel." Wingi unataka "are" pamoja na "s" mwishoni mwa nomino: "There are towels." Sentensi yako ya "There is two bathroom" imekosa sehemu zote mbili. Ukirekebisha moja ukaiacha nyingine, bado ni mbovu: "There are two bathroom" haijakaa, na "There is two bathrooms" haijakaa. Iwe "There are two bathrooms".

Jaribio hili lina mahali linapofeli, na nataka upajue ili lisikuponze. Ni pale Kiswahili kinapotumia umbo la wingi kwa kitu ambacho Kiingereza hakikihesabu. Tunasema "maji yapo", "maziwa yapo", "mafuta yapo", na kwa sikio letu huo ni wingi. Kwa Mwingereza maji ni kitu kimoja kinachomiminika, hakina umoja wala wingi, na hupewa "is" daima: "There is water", "There is milk", "There is oil". Hapo ndipo ilipotoka "There is hot waters" yako. Kitenzi umekipatia, lakini ile "ma" ya maji imekuvuta ukaongeza "s". Andika "There is hot water". Vivyo hivyo, pesa zipo lakini "There is money", mizigo ipo lakini "There is luggage", nywele zipo kwenye sinki lakini "There is hair in the sink". Habari nazo zipo, na neno lake lina "s" mwishoni, ila bado ni "There is news".

Ukiwa na shaka na neno, jiulize kama Mwingereza anaweza kuweka namba moja kwa moja mbele yake. "Two waters" utaisikia mgahawani mtu akiagiza chupa mbili, lakini maji ya bombani hayahesabiwi hivyo. "Two luggages" haipo, mtu husema "two bags". Ukitaka kuhesabu vitu hivyo, tafuta chombo chake, kisha kitenzi kifuate chombo: "There are two bottles of water in the fridge." Chupa ndizo zinazohesabiwa, kwa hiyo ni "are". Pesa pia ina mtego wake hapo kaunta. Ukimwambia mgeni kiasi cha pesa iliyobaki, Waingereza hukihesabu kama fungu moja: "There is 20,000 shillings left on your deposit." Ukizungumzia noti zenyewe, ni "There are two notes".

Upande wa pili, "people" ni wingi ingawa haina "s". Umoja wake ni "person". Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa darasa la jioni, kijana anayepeleka wageni mlimani, aliyeandika ubaoni "There is many people". Nikamwambia hapo panatakiwa wingi. Akachukua chaki, akaongeza "s" kwenye "people" na kuiacha "is" ilivyo. Sikumlaumu, nilijilaumu mimi, maana nilimwambia kuna tatizo la wingi bila kumwonyesha lilipo. Wingi ulikuwepo tayari ndani ya "people", na ndani ya "many" pia. Kilichobaki nyuma ni kitenzi peke yake. Kwenye kundi hilo hilo yamo "children", "men", "women" na "police". Hakuna lenye "s" na yote yanataka "are". Polisi wakisimama getini, andika "There are police at the gate", hata kama sikio linakataa.

Neno "many" lenyewe linakupa dalili ya kutosha. "Many" haikai kamwe na kitu kisichohesabika, kwa hiyo ukishaiandika umeshajifunga: ni "are". Hakuna sentensi sahihi ya maandishi yenye "there is many" na nomino ya wingi nyuma yake. Lakini "a lot of" haikupi dalili yoyote, na ile "a" yake inawapotosha wengi wakidhani ni umoja. Iruke uende kwenye nomino: "There are a lot of people", "There is a lot of dust". "A few" ni hivyo hivyo, ina "a" lakini inataka "are": "There are a few seats left."

Sasa orodha, ambayo ndiyo iliyokuchanganya kwenye tangazo la bosi. "There is a bed and two chairs in this room." Kitanda na viti viwili, jumla vitu vitatu, kwa nini "is"?

Wapo walimu wanaohesabu kila kilichomo kwenye orodha na kusema vitu viwili na kuendelea ni wingi, basi iwe "There are a bed and two chairs". Kihesabu wako sawa. Lakini isome kwa sauti, usikie "are a bed". Kwa mzungumzaji wa Kiingereza, "are" iliyogusana na "a" inakwaruza, kwa kuwa hapo anaanza kutaja kitu kimoja, na vile vingine bado hajavifikia. Kwa hiyo waandishi wengi, hata wale makini, hukiacha kitenzi kifuate kile cha kwanza kwenye orodha. Cha kwanza kikiwa kimoja, "is". Bosi wako ameanza na "a bed", na mwandiko wake unakubalika.

Uhuru huo una mpaka, na mpaka ndio unaotakiwa kuukumbuka. Unafanya kazi pale tu kitu cha kwanza kinapokuwa cha umoja au kisichohesabika. Ukianza na wingi, hakuna anayekutetea. "There is two chairs and a bed" ni kosa kwa mwalimu mkali na ni kosa kwa mwandishi wa kawaida, kwa sababu ukihesabu vyote ni wingi, na ukitazama cha kwanza ni wingi pia. Hilo ndilo kosa la sentensi yako ya vyumbani: "there is towels, soap and a kettle". Umeanza na "towels", kwa hiyo ni "there are towels, soap and a kettle".

Mimi nikiandika kitu kitakachosomwa na watu nisiowajua, huanza orodha na kitu cha wingi. "There are two chairs and a bed in this room." Mwenye kuhesabu vyote ameridhika, na mwenye kutazama cha kwanza ameridhika. Kama orodha yote ni ya kitu kimoja kimoja, kitanda, meza na feni, naandika "There is a bed, a table and a fan" bila wasiwasi. Ila kwenye karatasi ya mtihani, ambapo humjui anayesahihisha, unaweza kuweka neno la wingi mbele ya orodha: "There are three things in the room: a bed, a table and a fan." Hapo "are" inapatana na "things" na hakuna wa kukukata maksi.

Ipo njia nyingine, na kwa matangazo ya vyumba naipenda kuliko zote. Achana na "there" kabisa. Sisi wenyewe tunasema "chumba kina kitanda na viti viwili", na "kina" hapo inapatana na chumba, si na vilivyomo. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo: "The room has a bed, two chairs and a fan." Chumba ni kimoja, basi ni "has", hata ukipanga vitu ishirini nyuma yake kwa mpangilio wowote. Vyumba vikiwa vingi, "The rooms have". Ukiwa na haraka na simu inaita, hiyo ndiyo sentensi ya kukimbilia.

Kuhusu wageni na "There's two buses". Umesikia vizuri, na husemwa kila siku na watu waliozaliwa na lugha hiyo. Sababu kubwa ni ulimi. "There is" hufupika vizuri kuwa "there's", lakini "there are" ikifupishwa inatoa sauti mbili za "r" zinazofuatana, na ulimi hauipendi. Kwa hiyo "there's" imegeuka kuwa kianzio cha mazungumzo, karibu kama "kuna" yetu, na mtu huitamka kabla hajajua atataja nini. Lakini sikiliza tena utagundua wanafanya hivyo kwenye ufupisho tu. Mtu huyo huyo ukimwambia aandike kwa kirefu, hataandika "There is two buses". Ataandika "There are". Kwa hiyo ukiongea nao kaunta ukateleza na "there's", hakuna atakayeshtuka. Kwenye ujumbe, kirefu cha "there is" mbele ya wingi kinaonekana waziwazi.

Sentensi yako ya mwisho ina jambo jingine ambalo bosi hakuligusa, nalo pia linatoka kwenye Kiswahili. "Kuna madereva wawili wanasubiri getini" ni sentensi nzuri kwetu, yenye "kuna" na "wanasubiri". Ukiifuata neno kwa neno unapata "There is two drivers are waiting". Kiingereza hakibebi vitenzi viwili kamili hapo bila kiungo. "Are" inatumika mara moja, mbele, na "waiting" inabaki peke yake nyuma ya madereva: "There are two drivers waiting at the gate." Ukijikuta umeandika "there is" au "there are" mwanzoni, halafu "is" au "are" nyingine baada ya nomino, futa ya pili.

Na ile ya kwanza kabisa, ya watu kwenye chai ya asubuhi, inahusu kesho. Ukisema habari ya kesho, "will be" haibadiliki, ni kama "kutakuwa na" yetu: "There will be a guide", "There will be many people". Hapo hata ukisahau wingi, kitenzi hakikosei. Jana ndiyo inarudisha uchaguzi: "There was a problem with the water", "There were three calls for you". Na maswali ya wageni hufuata njia ile ile, kitenzi kikitangulia: "Is there a kettle?" na "Are there any towels?" Jibu huchukua kitenzi cha swali, "Yes, there is", "Yes, there are".

Ujumbe wako basi ningeuandika hivi:

"Good evening. There will be many people at breakfast tomorrow, so please come early. There are two bathrooms on your floor. In the room there are towels, soap and a kettle. There is hot water from 5 a.m. There are two drivers waiting at the gate."

Nimeongeza "a.m." kwa sababu saa kumi na moja yako ya alfajiri, ikiandikwa 5 peke yake, mgeni anaweza kuidhania ya jioni. Na siku ukibadilisha mpangilio wa vitu vya chumbani, rudi kwenye kitenzi ukiangalie tena. Ukianza na sabuni, "In the room there is soap, a kettle and two towels", "is" inarudi. Taulo zikirudi mbele, ni "are".